Chanjo ya mdondo ielezwe kwa hamira

Ndugu mfugaji, nawe mwenye duka la dawa za mifugo, leo nina neno na sisi tunaoeleza. Mfugaji akinunua chanjo ya mdondo, ambao wengine tunauita kideri, tunampa masharti mengi kwa mkupuo: iweke kwenye barafu, usitumie maji yenye dawa, wape kuku kiu kwanza, wamalize mapema. Akifika nyumbani Kiwalani anakumbuka mawili. Anafungua bomba, anajaza ndoo, anamimina chanjo. Mdondo ukipita, banda linaisha, na lawama zinamwendea muuza duka kwamba kauza dawa feki.

Kwa maoni yangu masharti hayo yote yanabebwa na jambo moja, na likieleweka mengine mfugaji atayakumbuka mwenyewe. Jambo lenyewe ni kwamba chanjo hii ni kitu hai. Ndani ya kile kichupa kuna kirusi cha mdondo kilicho dhaifu, kisichoua kuku. Kikiingia mwilini kikiwa hai, kinaufundisha mwili kumtambua adui. Kikifa njiani, kuku amekunywa maji matupu.

Mfano wa kulieleza hilo ni hamira. Kila anayekanda maandazi anajua kuwa hamira ni hai. Ukiimwagia maji ya moto imekufa, na unga hauumuki hata ukiusubiri mpaka jioni. Hakuna anayelaumu unga hapo. Chanjo nayo huuawa na joto, na huuawa pia na klorini, ile dawa inayowekwa kwenye maji ya bomba ili kuua vijidudu. Klorini haibagui, kirusi cha chanjo nacho kwake ni kijidudu tu.

Mfano mmoja unatosha, ila mwambie msikilizaji unapokomea. Hamira hupenda maji ya vuguvugu, chanjo hutaka baridi. Usipolisema hilo, kuna atakayepasha maji. Tena hamira iliyokufa utaijua palepale kwa kuwa haitoi povu. Chanjo iliyokufa haina dalili. Maji yanaonekana yaleyale, kuku wanakunywa vilevile, na utajua siku ugonjwa ukiingia.

Baada ya hapo toa kisa kimoja chenye hesabu. Tuseme mama ana kuku 200 wa siku 21, na anatumia chanjo ya kunywesha aina ya Lasota, kichupa cha dozi 200. Kanuni ya maji ni hii: kuku 1,000 hupewa lita nyingi kama umri wao wa siku. Kuku 1,000 wa siku 21 ni lita 21, kwa hiyo kuku 200 ni lita 4 na kidogo. Kwa joto la Dar, afadhali jana yake apime wanakunywa kiasi gani kwa saa mbili, kisha afuate kipimo hicho.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, anaondoa maji bandani kwa saa moja. Vyombo vya plastiki ameviosha kwa maji safi, bila sabuni wala dawa. Ndani ya yale maji anakoroga kijiko kikubwa kimoja na nusu cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta, sawa na gramu mbili na nusu kwa lita, na anasubiri dakika 20. Maziwa yanaikamata klorini ili isiiguse chanjo. Ndipo anafungua kichupa kilichotoka kwenye barafu, anachanganya, anagawa kwenye vyombo vya kutosha ili wanyonge nao wafike. Ndani ya saa mbili maji yawe yamekwisha. Yakibaki mengi, kipimo kilizidi na wapo waliokosa dozi.

Wenye kuku wachache wa kienyeji watasema wao hutumia ile ya tone jichoni, aina ya I-2, inayostahimili joto kidogo na kurudiwa kila miezi mitatu. Ni kweli, na haina shida ya maji ya bomba. Lakini kustahimili joto si kutokufa. Ukiisahau juani kwenye bodaboda, nayo ni hamira iliyomwagiwa maji ya moto.

Mwenye duka, kabla mteja hajaondoka usimuulize kama ameelewa, maana wote huitikia ndiyo. Muulize hivi: "Mama, maji yako ya kisima umeyatia dawa ya kutakasa, utafanyaje?" Akijibu kwamba yataua chanjo kama maji ya moto yanavyoua hamira, kwa hiyo atatia maziwa kwanza au atateka mengine yasiyo na dawa, mpe kichupa chake aende. Akijibu kwamba maji ya kisima hayana neno, kaa naye dakika tano zaidi. Dakika hizo ni nafuu kuliko kuku 200.