Tusi Linajua Pa Kukaa

Kuna watu wazima bado wanatuambia anayetukana kwa Kizungu amekosa msamiati. Wacha tupime hiyo story yao.

Mpe kijana yeyote wa mtaa neno fantastiki, mwambie aingize fakin ndani. Atasema fan-fakin-tastik. Hawezi sema fantas-fakin-tik, na hakuna mwalimu aliyemfunza. Mkazo uko kwa “tas”, na tusi hukaa mbele tu ya silabi yenye mkazo. John McCarthy, mwanaisimu Mmarekani, aliuandikia mpangilio huu makala nzima mwaka 1982. Si mambo ya base.

Leta nyumbani basi. Nai-fakin-robi inateleza. Nairo-fakin-bi inakwama kooni. Kenya je? Mkazo uko mwanzoni kabisa na inayofuata ni silabi moja dhaifu, kwa hivyo tusi halina mlango. Litasimama nje: fakin Kenya.

Hata huko nje lina masharti. “Fakin poa” iko sawa, lakini ukiulizwa sinema ilikuwa poa kiasi gani, unaweza jibu “sana” ukanyamaza. Huwezi jibu “fakin” ukanyamaza.

Bado mnaita huu uvivu? Semeni Kisu-fakin-mu kwa sauti, mbele ya watu.