Kichwa cha sheria si sheria

Juzi mstari mmoja ulizunguka kwenye simu zetu hapa Kamina: Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022, ya kulinda na kufidia wahanga wa ukatili wa kingono wa wakati wa vita, na wahanga wa makosa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Vifungu vyenyewe havikufika. Jioni mtu akatangaza: wakimbizi wote watalipwa! Kesho yake mama mmoja aliyekimbia kwao akaniuliza, «Mwanangu, tujiandikishe wapi?»

Nilikasirika. Mstari ule unataja aina mbili za wahanga, basi. Haukusema wakimbizi wote. Neno «kufidia» halitaji pesa wala kiasi. Matibabu pia ni fidia. Nani anahesabiwa mhanga, hayo yamo ndani ya vifungu. Kama hukuvisoma, sema hewani: «nina kichwa tu».

Lakini Serikali nayo isijifiche. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaidai isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu Rais aitie sahihi. Nakala ya yule mama iko wapi?