"Tunathamini Subira Yako": Nani Alikuambia Nimekupa?

Kuna sentensi ambayo vijana wanaotafuta kazi tumeizoea kama mbu wa usiku: "Tunathamini subira yako." Inakuja kwa imeili, imepigwa pasi vizuri, ina salamu mwanzo na cheo cha mtu mwisho. Subira yenyewe hawakuiomba. Waliichukua tu, halafu wakashukuru.

Mimi nasema hivi: wasee, acheni kuisoma hiyo imeili kana kwamba inawahusu. Mara nyingi inamhusu mtu mwingine kabisa, yule aliye juu yako kwenye orodha.

Chukua dada mmoja jirani yangu hapa Kibomet. Ameniruhusu niandike bila jina lake wala la kampuni. Aliitwa mahojiano ya kazi ya afisa wa nyanjani katika kampuni moja ya pembejeo, Jumanne tarehe 11 Februari. Imeili zenyewe zilikuwa za Kiingereza cha ofisi, mimi nazileta kwa lugha yetu.

Ya kwanza ilikuja tarehe 14: "Asante kwa kuja, ulitufurahisha. Tutawasiliana nawe kabla ya mwisho wa wiki ijayo." Hiyo ni imeili nzuri. Si kwa sababu ya "ulitufurahisha", hilo neno ni bure kama maji ya mvua. Ni nzuri kwa sababu ina siku, na siku unaweza kuihesabu.

Siku ikapita kimya. Tarehe 24 akauliza, akajibiwa hivi: "Mchakato umechukua muda kuliko ilivyotarajiwa. Bado uko miongoni mwa wanaofikiriwa kwa karibu. Tunathamini subira yako." Sasa angalia vitenzi. "Ilivyotarajiwa" na nani? "Wanaofikiriwa" na nani? Siku kumi kabla kulikuwa na "sisi" anayeahidi siku. Sasa mtendaji ametoroka, siku imetoroka naye, na kilichobaki ni sifa. Mtu akikusifu zaidi huku anakuahidi kidogo, bana, jua kuna kitu kimeamuliwa.

Ya tatu, tarehe 10 Machi: "Tunasubiri mambo machache ya ndani yakamilike. Je, bado unapatikana? Unaweza kuanza kuandaa cheti cha maadili mema."

Hapo dada akapiga vigelegele, na mama yake akaanza kuwaambia watu wa kanisa. Akatoa zaidi ya elfu moja, akapanga foleni ya alama za vidole mjini Kitale. Wiki hiyohiyo agroveti moja ilimwitia kazi ya msimu wa kupanda, pesa kila jioni. Akakataa. Angewezaje kukubali na huku "bado anapatikana"?

Ya nne ilikuja Alhamisi tarehe 27 Machi. Nafasi imejazwa, tutahifadhi wasifu wako kwa fursa za baadaye.

Baadaye akaambiwa na mtu wa ndani kwamba aliyepata kazi alipewa barua Ijumaa tarehe 21 Februari, akaripoti Jumatatu tarehe 24 Machi. Chukua kalenda uhesabu. Kutoka 21 Februari hadi 21 Machi ni siku 28. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu anayelipwa kwa mwezi akitaka kuondoka anatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, labda mkataba wake uwe unadai muda mrefu zaidi. Yaani "mchakato" wote ulikuwa mtu mmoja anamalizia notisi yake kwingine. Barua ilikuwa imeshatoka siku tatu kabla ya dada kuambiwa anafikiriwa kwa karibu.

Na si kwamba kampuni ilikuwa na roho mbaya. Namba moja anaweza kubadilisha mawazo. Bosi wake wa zamani anaweza kumwongezea mshahara abaki. Kwa hivyo namba mbili hafukuzwi na hapewi kazi, anawekwa joto kama chai kwenye chupa, mpaka namba moja akalie kiti. Kutaka mtu wa akiba naelewa. Ninachopinga ni kumweka mtu akiba bila kumwambia, halafu gharama ya kungoja aibebe yeye peke yake. Wao hawakupoteza kitu. Dada alipoteza msimu mzima wa kupanda.

Sasa rudi kwenye kile cheti, maana hapo ndipo wengi tunadanganyika. Sheria hiyo ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kibali na uadilifu, iwe cha polisi, HELB, KRA au EACC, kama hana nia ya kuingia nawe mkataba wa maandishi. Kwa hivyo kuombwa cheti kunapaswa kuwa habari njema kabisa. Lakini ona walivyoandika: "Unaweza kuanza kuandaa." Hawajadai, wamependekeza. Ukilalamika watasema ulijitolea mwenyewe. Ukiletewa sentensi kama hiyo, usikimbilie foleni. Uliza kwanza: mkataba nitaletewa lini? Mwenye mkataba mkononi hatashindwa kutaja wiki.

Haki itendeke, kuna kuchelewa kwa kweli. Kaunti zetu, kwa mfano, mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukiambiwa mwezi wa tano kwamba nafasi inangoja bajeti mpya, inawezekana kabisa. Tofauti ni kwamba sababu ya kweli ina jina na ina tarehe, hata kama tarehe hiyo ni mbali. "Mambo ya ndani" hayana jina wala tarehe. Hayo ni pazia.

Basi unajibu nini? Si aya tatu za kujipendekeza. Kama una kazi nyingine mezani, na usitunge kama huna, andika hivi: "Asante kwa taarifa. Nimepewa kazi nyingine ninayotakiwa kuijibu Ijumaa. Je, barua ya ajira ya nafasi hii imeshatolewa kwa mtu mwingine? Kama imetolewa, nitachukua hiyo nyingine, nanyi mkinihitaji mnipigie." Wakikujibu kwa siku, bado uko mchezoni. Wakikujibu kwa "tutawasiliana", chukua ya agroveti.

Najua wazee watasema, "Mwanangu, ukiuliza sana utaonekana msumbufu, wakukate." Shikamooni, lakini hebu tufikirie. Kama wewe ni namba mbili, wanakuhitaji mpaka siku namba moja ataripoti, hawawezi kukutupa kwa swali moja la adabu. Kama ulishakatwa, swali halikukati mara ya pili. Na kama ni namba moja, barua yako iko njiani.

Nanyi maafisa wa kuajiri mnaosoma hapa kimyakimya, najua mpo. Mngemwandikia dada tarehe 24 Februari hivi: "Umekuwa wa pili. Wa kwanza anaripoti tarehe 24 Machi. Asipofika, tutakupigia siku hiyohiyo." Hayo ni maneno machache kuliko yale mliyotumia kumshukuru kwa subira, na angekuwa na mwezi mzima wa kuuza mbegu na mbolea.