Mashauri yasiyofunga: mkulima wa Mabalako atabaki na nini mkononi?

Katika vijiji vya Mabalako na Mangina, kakao ndiyo inalipa masomo ya watoto. Kwa hiyo shamba likichukuliwa, ni maisha ya jamaa nzima yanayumba. Mara nyingi mwizi si mtu wa panga. Ni karatasi. Mkulima anafika asubuhi shambani, anakuta mtu anapima, na mtu huyo anaonyesha hati yenye stampu ya serikali. Hakuna aliyemwita mkulima, hakuna aliyewauliza majirani kama ardhi ile ina mwenyewe.

Jambo hilo si mgogoro wa watu wawili tu. Ni kosa la ofisi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inataka, kabla ya kutoa ardhi ya vijijini, uchunguzi ufanyike pale pale ili kujua kama kweli ni tupu na nani anaitumia. Biro ikiruka hatua hiyo, hapo ndipo inaingia kazi ya ofisi ya malalamiko, ile ambayo Warundi wanaiita Ombudsman. Kwa raia wa Kivu ya Kaskazini, mlango unaokaribia huo ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Haikuundwa kwa ajili ya makosa ya biro peke yake, lakini haki ya mali, hata ile inayotoka katika mila, iko katika kifungu cha 34 cha Katiba, na haki ikiguswa tume inaweza kupokea dosie.

Ofisi za namna hiyo zinafanya kazi karibu sawa kila mahali. Kwanza zinaangalia kama anayelalamikiwa ni ofisi ya umma, kama kesi haiko tayari mahakamani, na kama raia amekwisha kuiandikia ofisi yenyewe. Malalamiko mengi yanaangukia hapo, juu ya raia hana nakala ya barua yake. Dosie ikipita, ofisi inayolalamikiwa inaandikiwa na kupewa siku za kujibu. Mchunguzi anaomba faili, anasoma tarehe na saini, anatafuta karatasi ambayo haimo. Katika mfano wa mkulima, karatasi hiyo ni ripoti ya uchunguzi wa ardhi. Mara nyingi mambo yanaisha hapo kwa upatanisho, kwa sababu mkubwa wa biro anaona aibu. Ikishindikana, inaandikwa ripoti inayosema: kosa lilifanyika, inashauriwa hili na lile lirekebishwe.

Inashauriwa. Neno hilo ndilo lenye shida yote.

Huko Kenya, Tume ya Haki ya Utawala ilipokea malalamiko ya mkurugenzi mmoja ambaye mkataba wake na bodi ya mpango wa Vision 2030 haukufanywa upya. Tume ilimpa haki, bodi ikakataa kutekeleza, na kesi ikapanda ngazi zote mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 2021 majaji waliamua kwamba mashauri ya tume hayaifungi ofisi iliyoandikiwa. Kitu ambacho sheria ya Kenya inaiachia tume ni kupeleka ripoti bungeni na kusema wazi kwamba ofisi fulani imekataa. Ni silaha ya aibu, na si ndogo pale ambapo bunge linakaa na wabunge wanasoma.

Lakini aibu inahitaji mahali pa kuonekana. Tangu mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Gavana ni askari, na bunge la jimbo limesimamishwa. Ripoti juu ya biro ya Beni au Butembo ingesomwa mbele ya nani? Kinshasa iko mbali.

Njia ya Tanzania inafundisha zaidi. Mwezi wa kumi 2001, wanakijiji wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti, waliondolewa katika ardhi yao na nyumba zikachomwa moto. Watu 135 walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wakiwalalamikia mkuu wa wilaya na mkuu wa polisi. Tume haikukaa Dar es Salaam kungoja barua: ilisikiliza mashahidi, ikaona kwamba haki zilivunjwa, ikashauri walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Serikali ikakataa.

Kama sheria ingeishia hapo, Nyamuma ingekuwa dosie nyingine katika kabati. Sheria ya tume hiyo, ya mwaka 2001, ilikuwa na kifungu kifupi: ofisi inayopewa mashauri inapaswa kueleza, ndani ya muda usiopita miezi mitatu, imefanya nini, isipofanya lolote la kutosha, tume inaweza kwenda mahakamani, au kumshauri mtu mwingine aende, ili mashauri yatekelezwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda. Mahakama Kuu ikafunga mlango. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikaufungua. Kwa hiyo ushauri wenyewe haukuwa amri, lakini ulikuwa na njia ya kufika kwa mtu mwenye uwezo wa kutoa amri. Hata hivyo ilichukua miaka mitano tangu moto uwake mpaka swali la mlango tu kujibiwa.

Wako wanaosema dawa ni kufanya mashauri ya tume kuwa amri. Ni kosa. Siku hiyo kila biro itakuja na avoka, raia naye atahitaji wake, na ofisi iliyokuwa ya bure na ya haraka itageuka mahakama ya pili. Kinachohitajika ni kidogo kuliko hicho: siku za kujibu, lazima ya kuandika sababu ya kukataa, na ruhusa kama ile iliyowapeleka watu wa Nyamuma mbele ya jaji. Mzizi uko tayari katika Katiba: kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, nayo inapaswa kujibu katika miezi mitatu, bila mwandishi kuteswa. Hakisemi tu nini kinafuata kama mamlaka inanyamaza.

Hapo kuna hatari ambayo wakulima wengi wanaigundua wakiwa wamechelewa. Chini ya sheria ile ya 1973, hati ya kusajili ardhi ikimaliza miaka miwili bila kushambuliwa mahakamani, kwa kawaida haivunjwi tena. Mwenye shamba anabaki kudai malipo tu. Barua kwa tume haisimamishi hesabu ya siku hizo. Aliyepora anajua hilo, na kila mwezi wa upatanisho ni faida kwake.

Kwa hiyo anayepeleka dosie kwa tume anapaswa kwanza kutafuta hati ya mpinzani ilitolewa siku gani. Kama imebaki miezi michache, mahakama inatangulia, na karatasi za tume zinafuata kama ushahidi. Kama bado kuna muda, tume inaweza kutangulia, kwa siku yenye mwisho iliyoandikwa kwenye nakala yenye stampu ya kupokelewa. Nakala hiyo inabaki nyumbani, si katika biro.