Barua ya "Nipo Likizo" Inavyoongeza Gharama Bandarini

Mwezi Desemba ofisi nyingi za Dar es Salaam hupwaya. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa, mameza hubaki na karani mmoja, na anayeandika barua pepe hujibiwa na mashine: "Nipo likizo. Nitakujibu nikirudi." Aliyeiandika anadhani ametimiza wajibu. Kwa mwenye mzigo bandarini, jibu hilo halitofautiani sana na ukimya.

Chukua mfano wa mwagizaji wa vigae ambaye namba ya kontena lake imekosewa kwenye manifesti. Wakala wake wa forodha hawezi kuendelea mpaka wakala wa meli asahihishe. Jumatatu, 22 Desemba, anamwandikia karani wa nyaraka na kupata jibu hilo la mashine. Hajui kama karani anarudi kesho au mwakani, wala hajui nani mwingine wa kumwona, basi anasubiri. Kumbe karani anarudi Jumatatu, 5 Januari. Hizo ni wiki mbili kamili. Siku za bure zikiisha, bandari inatoza uhifadhi na mwenye meli anatoza kucheleweshwa kwa kontena lake, na gharama hizo mbili zinakwenda pamoja. Mwishowe huongezwa kwenye bei ya kigae Kariakoo.

Jibu ambalo lingemwokoa ni fupi tu: "Sipo ofisini. Nitaanza kazi tena Jumatatu, 5 Januari. Masahihisho ya manifesti yanashughulikiwa na Bi. Fulani wa dawati la nyaraka, simu ya ofisi namba hii. Barua yako haijapelekwa kwake, tafadhali mtumie nakala."

Tarehe iwe ya kuanza kazi, siyo ya mwisho wa likizo, maana likizo ikiisha Ijumaa mteja atapiga simu Jumamosi. Mwezi uandikwe kwa neno. Mmarekani akiona 5/1 atasoma tarehe 1 Mei. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake. Wateja wengi hudhani kuwa mashine iliyojibu imeshampelekea msaidizi barua yao. Haikumpelekea.

Kuhusu msaidizi, ofisi nyingi huandika jina lake bila kumwambia. Anapigiwa simu na hajui faili liko wapi, au analijua lakini hana mamlaka ya kutia saini. Baya zaidi ni pale msaidizi naye anapokuwa likizo na mashine yake inamrudisha mteja kwa yule wa kwanza. Kabla ya kuondoka, mwenye meza amkabidhi mwenzake orodha ya mizigo iliyo njiani, na amwulize waziwazi kama atakuwepo siku zote hizo.

Mitambo yenyewe ina tabia zake. Outlook ya ofisini huwa na sehemu mbili, ya wenzako na ya watu wa nje iitwayo Outside My Organization. Asiyeijaza hii ya pili atawajibu wenzake vizuri na wateja hawatapata kitu. Kwa kawaida Outlook humjibu kila mtu mara moja tu kwa kipindi chote, kwa hiyo aliyepewa jina la msaidizi ambaye baadaye ameugua anaweza kubaki na jina hilo. Gmail, chini ya Vacation responder, hujibu tena mtu yule yule akiandika baada ya siku nne, au ujumbe ukibadilishwa. Barua iliyoangukia kwenye taka haijibiwi kabisa.

Wapo mameneja wanaokataa kutaja majina wakihofia matapeli, na hofu hiyo ina msingi. Tapeli akijua mhasibu hayupo hadi tarehe 5 na nani amekaimu, humwandikia kaimu kwa jina la mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo ni ya leo. Lakini kuficha tarehe kunamwadhibu mteja wa kweli. Kwa watu wa nje yatosha kutoa jina, dawati na simu ya ofisi. Safari ya kwenda wapi haimhusu mtu, na simu ya mkononi ya msaidizi ibaki kwa wenzake. Akaunti mpya isipokelewe kwa barua pepe peke yake. Kaimu apige namba iliyokuwa kwenye faili tangu zamani, siyo ile iliyoletwa na barua hiyo.

Kujaribu yote haya ni kazi ya dakika chache. Mwenye kuondoka ajiandikie kutoka anwani yake ya nyumbani, asome kilichorudi, kisha apige namba aliyoiandika aone nani anapokea.