Mzee anaongezewa damu kila mara? Ulizeni uboho wake unatengeneza nini

Katika familia nyingi za Karagwe na Kyerwa, mzee akianza kuhema akipanda kilima kwenda shambani, maelezo huwa tayari: damu imepungua. Anapimwa malaria, anapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, nyumbani anachemshiwa rozela. Akizidiwa anaongezewa damu, anapata nafuu, anarudi kijijini. Baada ya wiki sita yuko pale pale.

Msimamo wangu leo ni huu: mzee akihitaji kuongezewa damu mara ya pili, na hakuna aliyeeleza kwa uhakika damu ya kwanza ilikwenda wapi, asiruhusiwe kurudi nyumbani bila kipimo cha picha kamili ya damu kusomwa mstari kwa mstari.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 71 wa upande wa Nkwenda. Ameongezewa chupa tatu za damu ndani ya miezi minne na amemeza vidonge vya chuma miezi yote hiyo. Karatasi yake ya mashine inaonyesha HGB 6.4, wakati mwanaume mzima hutakiwa kuwa na 13 au zaidi. Wengi huishia kusoma hapo. Lakini mistari mingine ndiyo inayosema. MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ni 108, na kawaida ni kati ya 80 na 100. Chembe nyeupe, WBC, ni 2.6, nazo hazitakiwi kushuka chini ya 4. Chembe sahani zinazogandisha damu, PLT, ni 62, wakati kawaida huanzia 150.

Mtu aliyepungukiwa madini ya chuma, kwa minyoo au kidonda cha tumbo kinachovuja, huwa na chembe nyekundu ndogo. Za mzee huyu ni kubwa, na aina zote tatu za chembe zimeshuka pamoja. Chuma hakikuwa tatizo lake tangu mwanzo. Panapotengenezwa damu, yaani kwenye uboho ndani ya mifupa, ndipo penye kasoro. Kundi la magonjwa ya namna hii huitwa sindromu za mielodisplasia.

Anayelima migomba atalielewa upesi. Hatupandi mbegu, tunapanda machipukizi, na kila chipukizi hufanana na mgomba mama. Uboho nao una seli mama, na chembe zote za damu hutoka kwao. Seli mama moja ikipata kasoro kwenye vinasaba, watoto wake wote huzaliwa na kasoro ileile. Polepole kizazi chake huenea na kusonga kile kizima. Uboho huweza kuonekana umejaa kabisa, lakini chembe nyingi hufa humo humo kabla ya kuingia kwenye mishipa. Ndiyo maana rozela, mboga za majani na vidonge havisaidii. Mali ghafi ipo. Kazi ndiyo inaharibika.

Kwa nini wazee? Seli mama hugawanyika maisha yote, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa dogo kuingia. Makosa hayo hujikusanya kwa miongo. Baada ya miaka 70, angalau mtu mmoja kati ya kumi huwa tayari na kizazi kama hicho katika damu, ingawa wengi wao hawaugui. Anayeugua kwa kawaida ni yule aliyeongezewa kosa juu ya kosa. Kwa wachache chanzo kinajulikana: dawa au mionzi ya saratani waliyotibiwa zamani, au kukaa miaka mingi na kemikali ya benzini. Ugonjwa hauambukizi, na kwa wazee ni nadra sana kuwa wa kurithi.

Hapo ndipo saratani ya damu inapoingia. Katika uboho kuna chembe changa zisizokomaa, ambazo kwa mtu mzima wa afya hazifiki asilimia 5. Kosa jipya likigusa uwezo wa kukomaa, ni kama machipukizi yanayozaana bila kutoa mkungu hata mmoja. Chembe changa huongezeka: asilimia 7, asilimia 12. Zikifika 20, madaktari huita hali hiyo lukemia kali. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa mielodisplasia hufikia huko. Wengine huishi miaka na ugonjwa wa polepole. Wengi hudhuriwa na maambukizi au kutokwa damu kabla lukemia haijafika.

Kabla ya kuutaja ugonjwa huu, daktari lazima aondoe mambo yanayofanana nao, maana mengine yanatibika. Upungufu wa vitamini B12 au foleti hukuza chembe nyekundu. Pombe ya miaka mingi, iwe rubisi au gongo, hukuza pia. Virusi vya Ukimwi vinaweza kuvuruga uboho, na dawa ya zidovudini hukuza chembe. Kwa hiyo mwambieni daktari kila dawa na kila kinywaji, bila aibu. Kisha damu hutazamwa kwa darubini, na mwisho uboho huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga baada ya ganzi. Anzieni Nyakahanga au Isingiro. Rufaa hupitia hospitali ya mkoa Bukoba hadi Bugando, Mwanza.

Najua swali la familia: safari yote hiyo, dawa ipo? Kinachoweza kuuondoa ugonjwa ni kupandikizwa uboho, na kwa wazee wengi mwili hauhimili. Sindano za azasitidini hupunguza kasi kwa baadhi ya wenye chembe changa nyingi, lakini ni ghali na haziponyi. Mkibaki na damu ya kuongezewa pekee, bado jibu lina faida. Mtaacha kulipia tiba za malaria isiyoonekana kwenye kipimo. Na mtaacha vidonge vya chuma: chupa moja ya damu huleta miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hutoa miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Baada ya chupa 20 hivi, chuma kilichobaki huanza kutishia ini na moyo. Kuongeza vidonge juu yake ni kumdhuru mgonjwa.

Mtajua pia cha kulinda. Homa kwa mzee mwenye chembe nyeupe chache ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, si ya kusubiri kesho. Aspirini na diklofenaki, ambazo wazee humeza kwa maumivu ya mgongo, huongeza hatari ya kutokwa damu. Na andikeni tarehe ya kila chupa. Muda kati ya chupa ukipungua kutoka wiki sita hadi mbili, au fizi zikianza kuvuja, huenda ugonjwa unageuka, rudini haraka.

Kwa wazazi: ugonjwa huu ni nadra sana kwa watoto. Mtoto aliyepauka afikiriwe kwanza malaria, lishe, minyoo na selimundu. Ila swali la kumwuliza daktari ni lile lile kwa mtoto na kwa babu: damu inakwenda wapi, au kwa nini haitengenezwi? Ombeni karatasi ya majibu, itunzeni pamoja na zilizotangulia, na mwende nayo kila safari.