Kiazi ndani ya maji ya chumvi



Mama mmoja wa kikundi chetu alituletea karatasi ya shule ya binti yake. Kulikuwa na picha mbili: kipande cha kiazi ndani ya glasi ya maji safi, na kingine ndani ya maji ya chumvi nyingi. Swali: kila kipande kitaongeza uzito au kitapunguza? Binti aliandika kwamba cha maji ya chumvi kitakuwa kizito, kwa sababu chumvi inaingia ndani yake. Alikosa, na mama hakujua namna ya kumfafanulia.

Kiazi kimejaa vyumba vidogo sana, na kila chumba kina ngozi nyembamba. Ngozi hiyo inapitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi inapita kwa shida. Kwa hiyo kinachotembea ni maji, na yanaelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Hiyo ndiyo osmosi. Utomvu wa kiazi umekolea kuliko maji safi, basi maji yanaingia na kipande kinakuwa kizito. Maji ya chumvi nyingi yamekolea kuliko utomvu, basi yanavuta maji kutoka ndani, na kipande kinakuwa chepesi.

Kwenye karatasi, kipande cha kwanza kilitoka gramu 20 kikafika 22. Kimeongeza 2 juu ya 20, ni asilimia 10. Cha pili kilitoka 25 kikabaki 20. Kimepoteza 5 juu ya 25, ni asilimia 20. Mwalimu anataka asilimia kwa sababu vipande havikuanza na uzito mmoja.

Mjaribu nyumbani, hata bila mizani. Mmenye kiazi kibichi, mkate vipande viwili virefu vilivyo sawa. Kimoja kiwe ndani ya maji safi, kingine ndani ya glasi ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya chumvi. Asubuhi mvikunje: cha maji safi ni kigumu na kinavunjika, cha chumvi kinapindika kama mpira. Kiazi kilichopikwa hakifai, moto umekwisha kuharibu zile ngozi. Na kama mnapima uzito, mpanguse kipande kwa kitambaa bila kukikamua, maana maji ya juu yanadanganya mizani.

Jambo hili linatuhusu pia mtoto anapoharisha. Maji ya chumvi na sukari tunayomtengenezea ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mama akizidisha, akidhani anaongeza nguvu ya dawa, kinywaji kinavuta maji ya mwili kuingia tumboni, kama glasi ile ilivyovuta maji ya kiazi, na mtoto anazidi kukauka.